Pau Zilizoachana na Pau Zilizogusana: Jinsi ya Kuijua Histogramu na Kuisoma



Wengi wetu tuliochagua masomo ya Kiislamu tulidhani tumeagana na hesabu siku ya mtihani wa mwisho wa sekondari. Kisha unafika mwaka wa mwisho, unaandika utafiti wako, na sura ya nne inakudai michoro. Unafungua Excel, unabonyeza picha ya kwanza yenye pau zilizosimama, unaibandika kwenye ukurasa na kuendelea. Tatizo ni kwamba kuna michoro miwili inayofanana sana kwa sura lakini haisomwi kwa njia moja: chati ya pau na histogramu. Ukichanganya hiyo miwili, unaweza kusema jambo ambalo takwimu zako hazikusema.

Tuanze na mfano tunaoujua sote. Mwezi Agosti 2022 Rwanda ilifanya sensa yake ya tano, na Taasisi ya Taifa ya Takwimu (NISR) ikatangaza kuwa nchi ina watu 13,246,394. Kati yao, Jiji la Kigali lilikuwa na watu 1,745,555, Mkoa wa Mashariki 3,563,145, Kusini 3,002,699, Magharibi 2,896,484 na Kaskazini 2,038,511. Ukichora pau tano, kila mkoa na upau wake, umechora chati ya pau. Chini ya kila upau kuna jina la kitu. Kati ya Kigali na Kaskazini hakuna "nusu Kigali", ndiyo maana pau zinaachiwa nafasi katikati. Unaweza kuanza na Mashariki au kumalizia nayo, na habari itabaki ile ile.

Sasa chukua watu hao hao uwapange kwa umri: miaka 0–4, 5–9, 10–14, na kuendelea. Hapa chini ya pau hakuna majina tena. Kuna mstari wa namba unaotembea bila kukatika, kwa sababu umri wa mtu haurukiruki. Mtoto anayeandikwa katika fungu la 0–4 anabaki humo hadi usiku wa kuamkia siku anayotimiza miaka mitano, na papo hapo anaingia fungu la pili. Kwa hiyo, ingawa kwa macho kuna pengo kati ya 4 na 5, mafungu hayo yanagusana, na pau zake nazo zigusane. Hiyo ni histogramu. Ile piramidi ya umri tuliyoiona katika vitabu vya jiografia ni histogramu mbili zilizolazwa ubavu na kupeana migongo, wanaume upande mmoja na wanawake upande mwingine.

Basi unapokutana na picha yenye pau, usianze kwa kutazama kama zimegusana, kwa maana mchoraji anaweza kukosea. Soma kwanza maandishi ya mhimili wa chini na ujiulize: je, haya ni majina au ni vipande vya mstari wa namba? Kisha jaribu kuzihamisha pau kichwani. Kama Kusini inaweza kutangulia Kaskazini bila kuharibu kitu, hiyo ni chati ya pau. Kama kuweka miaka 40–44 kabla ya 10–14 kunavuruga picha, huenda ni histogramu.

Nasema "huenda" kwa sababu ya aina moja ya swali inayopenda kutupotosha. Katika hojaji zetu tunapenda kuuliza: sikubali kabisa, sikubali, sina hakika, nakubali, nakubali kabisa. Majibu haya yana mpangilio na huwezi kuyachanganya ovyo. Lakini hakuna anayeweza kupima ni umbali gani kati ya "nakubali" na "nakubali kabisa". Ni majina yaliyopangwa foleni, wala si vipande vya mstari wa namba. Mchoro wake ni chati ya pau, na pau zake ziachane.

Tofauti hii inabadilisha namna ya kusoma. Katika chati ya pau unasoma urefu, na urefu una maana pale tu mhimili wa wima unapoanza sifuri. Rudi kwenye mikoa yetu. Mashariki ina watu takriban mara mbili ya Kigali. Mtu akichora mhimili wa wima ukaanzia 1,500,000, upau wa Kigali utabaki na urefu wa watu 245,555 tu, na wa Mashariki 2,063,145. Machoni Mashariki itaonekana mara nane ya Kigali! Namba zilizoandikwa pembeni ni za kweli, lakini jicho limedanganywa. Kwa hiyo tazama mguu wa mchoro kabla ya kutazama kichwa chake.

Katika histogramu, kinachobeba idadi ya watu ni eneo lote la upau, yaani upana mara urefu. Mafungu yote yakiwa na upana sawa, hutaona tofauti, na kusoma urefu kunatosha. Yakitofautiana upana, urefu peke yake unapotosha. Hapa nitasimulia jambo lililotupata wenyewe. Namba nimezirekebisha kidogo ili zigawanyike kwa urahisi.

Tuliwauliza wanafunzi 60 wanatumia dakika ngapi kutoka mlango wa darasa hadi msikitini siku ya Ijumaa. Karatasi ilikuwa na visanduku vinne vya kuweka alama. Waliochagua dakika 0 hadi 10 walikuwa 9, waliochagua 10 hadi 20 walikuwa 15, 20 hadi 30 walikuwa 12, na 30 hadi 60 walikuwa 24. Mwenzetu mmoja alichora pau nne zenye upana sawa. Upau wa mwisho ulizizidi zote kwa mbali. Katika kikao tukaangalia ukutani na karibu kila mmoja akasema: "Kumbe wengi wetu tunatumia karibu saa nzima!" Pendekezo la kukodi basi kubwa kila Ijumaa likaletwa, na fedha za mfuko wetu zingeisha kabla ya muhula kwisha.

Dada mmoja wa mwaka wa tatu ndiye aliyeinua mkono. "Samahani ndugu zangu," akasema, "mbona visanduku vitatu vya kwanza vina dakika kumi kumi, na hiki cha mwisho kina thelathini?"

Hilo ndilo kosa lenyewe. Upau wa mwisho ulikuwa mrefu kwa sababu uliokota watu kutoka eneo pana mara tatu. Ili kuupima kwa haki, gawanya idadi ya watu kwa upana wa fungu, upate watu kwa kila dakika. Huo ndio msongamano:

- Dakika 0–10: 9 ÷ 10 = 0.9
- Dakika 10–20: 15 ÷ 10 = 1.5
- Dakika 20–30: 12 ÷ 10 = 1.2
- Dakika 30–60: 24 ÷ 30 = 0.8

Ukichora kwa urefu huu, na upau wa mwisho ukapewa upana mara tatu ya wenzake, picha inageuka. Kilele kiko kwenye dakika 10–20, na ule upau uliotutisha unakuwa mfupi kuliko wote, ingawa ni mpana. Hesabu pia mtu wa katikati: waliochini ya dakika 20 ni 24, na fungu linalofuata lina 12, kwa hiyo mtu wa 30 yuko katikati ya fungu la 20–30, karibu dakika 25. Nusu yetu tulikuwa tunafika ndani ya muda huo.

Lakini tusizidishe upande wa pili. Bado ni kweli kwamba watu 24 kati ya 60 walikuwa wanatumia zaidi ya dakika 30, na hilo si jambo dogo. Histogramu haikuweza kutuambia walivyogawanyika ndani ya fungu lao, kwa kuwa fungu huficha kilichomo. Ikabidi tuwarudie mmoja mmoja kuwauliza dakika zenyewe. Tukapata 11 kati ya dakika 30 na 40, 8 kati ya 40 na 50, na 5 tu kati ya 50 na 60. "Karibu saa nzima" ilikuwa habari ya watu watano. Waliozidi dakika 40 walikuwa 13, na hao wanaenea katika twegerane moja. Basi kubwa halikukodiwa.

Kwa wenzangu mtakaochora kwa Excel, kuna mambo mawili ya kuangalia. La kwanza, chati ya kawaida ya `Column` haijui upana wa fungu. Itatoa pau za upana sawa hata ukiandika 30–60 chini yake. Kuipunguza `Gap Width` hadi `0%` kutazigusanisha pau, lakini hakutaifanya iwe histogramu ya kweli. La pili, chati ya `Histogram` iliyomo katika matoleo kuanzia Excel 2016 inataka majibu ghafi, yaani dakika za kila mtu katika safu moja. Ukiipa lile jedwali la 9, 15, 12 na 24, itadhani ni majibu ya watu wanne. Mafungu yake yote huwa na upana sawa, unaoupanga kwenye `Bin width`. Chini ya pau utaona alama kama `(10, 20]`: mabano ya duara yanaonyesha kwamba 10 haimo, na mabano ya mraba yanaonyesha kwamba 20 imo. Kwa hiyo mtu wa dakika 20 kamili anahesabiwa mara moja tu.

Baada ya kuchora, badilisha upana wa fungu mara mbili au tatu. Mafungu mapana sana huzika vilele viwili katika kimoja, na membamba sana hufanya kila mtu awe kilima chake. Umbo linalobaki katika michoro yote ndilo unaloweza kuliandikia maneno.

Dawa kubwa zaidi iko kwenye karatasi ya hojaji kabla ya mchoro wowote. Unapouliza umri, dakika, umbali au fedha, acha nafasi mtu aandike namba yake mwenyewe. Namba ghafi unaweza kuzipanga katika mafungu wakati wowote na kwa upana wowote, lakini alama iliyowekwa kwenye kisanduku cha 30–60 haitakuambia kamwe kama mtu huyo alitumia dakika 31 au 59.