Ujumbe wa kuomba kazi mgahawani

Swali: Nimemaliza kidato cha nne, naishi Muleba, ila nikipata kazi nitakaa kwa shangazi Kashai. Nimwandikieje mama mwenye mgahawa Bukoba mjini?

Jibu: Anasoma simu huku chungu kiko jikoni, kwa hiyo ombi lionekane mapema. Andika hivi:

"Shikamoo mama. Naitwa (jina lako), nimemaliza kidato cha nne. Naomba kazi ya kuhudumia wateja au kuosha vyombo. Najua kumenya ndizi na kuparua sato. Nitakaa kwa shangazi Kashai, saa 12 asubuhi nitakuwa nimefika. Naomba nije Jumatatu saa 9 alasiri unione."

Sentensi ya Kashai ndiyo yenye uzito. Ukiandika Muleba peke yake, atawazia nauli na kuchelewa kila siku. Saa 9 nayo wateja wa mchana wamepungua, atapata nafasi ya kukusikiliza.