Mgawanyo wa Kazi na Ulinganifu wa Istilahi: Mfano wa Biblia ya 1611

Matini ndefu inapogawanywa kwa wafasiri wengi, tofauti zinazojitokeza hazitokani zote na mgawanyo huo. Makala haya yanalichunguza suala hilo kwa kutumia tafsiri ya Kiingereza ya Biblia iliyoagizwa na Mfalme James wa Kwanza mwaka 1604 na kuchapishwa mwaka 1611.

Kazi hiyo ilifanywa na makundi sita, mawili Westminster, mawili Oxford na mawili Cambridge. Wote walipewa kanuni zilizoandaliwa na Askofu Richard Bancroft. Biblia ya Maaskofu ya mwaka 1568 ndiyo iliyokuwa msingi wa kurekebishwa. Maneno ya kikanisa yaliyozoeleka yalipaswa kubaki, kwa mfano "kanisa" badala ya "mkutano". Na majina ya watu yaandikwe karibu iwezekanavyo na yalivyozoeleka. Kundi likimaliza kitabu, lilipaswa kukipeleka kwa makundi mengine. Mwaka 1610 kamati ya pamoja ilipitia kazi hiyo mjini London.

Hata hivyo, nabii Eliya anaitwa kwa umbo la Kiebrania katika Agano la Kale, na kwa umbo la Kigiriki, Elias, katika Agano Jipya. Mtu angeweza kulilaumu kundi moja kwa uzembe. Lakini Injili zilishughulikiwa Oxford na Nyaraka Westminster, na makundi yote mawili yalitumia Elias. Mpaka wa tofauti, basi, ni mpaka wa lugha chanzi. Kanuni ilitaja msingi wa kufuata bila kutoa orodha ya majina, na kila upande ukaweza kudai kwamba umeitii.

Mfano wa pili ni wa aina nyingine kabisa. Katika Warumi 4 kitenzi kimoja cha Kigiriki, chenye maana ya kuhesabia, kimefasiriwa kwa vitenzi vitatu tofauti vya Kiingereza. Sura hiyo ilikuwa mikononi mwa kundi moja tu. Dibaji ya Miles Smith inakiri waziwazi kwamba wafasiri hawakujifunga kutumia neno lile lile kila mahali. Ni uteuzi wa makusudi (ingawa msomaji anayefuatilia hoja ya Paulo hupoteza uzi wake hapo).

Kwa hiyo mhakiki wa mwisho hana budi kuuliza kwanza tofauti inaanzia wapi. Ikianzia palipo na mpaka wa mafungu ya wafasiri, mwongozo haukutosha au haukufuatwa. Ikiwa ndani ya fungu moja, mfasiri mwenyewe aulizwe kabla ya kusahihishwa. Usomaji wa sura kwa sura hauwezi kulijibu swali hili, kwa kuwa kila sura ikisomwa peke yake huonekana sawa. Istilahi moja hufuatwa kuanzia mwanzo hadi mwisho wa matini nzima, matini chanzi ikiwa pembeni, kisha ndipo hushikwa nyingine. Majina ya pekee yatangulie, maana orodha yake ingeweza kukamilishwa hata kabla ya kugawa kazi.