Soko la Kwanza la Mwalimu Mwenye Shilingi 20,000

Swali: Mimi ni mwalimu wa skuli hapa Mombasa. Nimedunduliza shilingi 20,000, na faragha yangu huanza saa mbili za usiku. Nianzie hisa, fedha za kigeni, au sarafu za mtandao?

Jibu: Kwa hali hiyo, mwalimu, ningekuelekeza kwenye hisa, kwani madhali huwezi kulikabili soko mchana kutwa, lakufaa lile ambalo agizo ulilomwachia dalali usiku, lenye ukomo wa bei uliyo radhi kulipa, laweza kutekelezwa kesho yake baina ya saa tatu na nusu asubuhi na saa tisa alasiri, saa za Soko la Hisa la Nairobi, ilhali wewe umo darasani.

Swali: Lakini fedha za kigeni huuzwa usiku na mchana. Si ndizo zinifaazo?

Jibu: Soko hilo halilali tangu Jumatatu hadi Ijumaa, ni kweli, ila saa zake za kuchangamka, London na New York zinapokuwa wazi pamoja, kwetu ni jioni, nazo huwa zimekoma ifikapo saa mbili usiku, ndipo ufikapo wewe. Hilo ni dogo. Kubwa ni mkopo wa dalali: akikuzidishia mara 50, shilingi zako 20,000 hubeba biashara ya shilingi 1,000,000, na euro ikienda kinyume chako kwa asilimia 1 tu, nusu ya rasilimali yako imekwisha. Tarehe 15 Januari 2015, Benki Kuu ya Uswisi ilipoacha ghafla kulinda kima cha faranga 1.20 kwa euro, faranga ilipanda kwa kasi hata maagizo ya kukomesha hasara hayakupata bei zilizoandikwa, na wateja wengi wakaamka wanadaiwa na madalali wao.

Swali: Na Bitcoin, nikinunua bila mkopo?

Jibu: Hapo hudaiwi na mtu. Lakini tarehe 12 Machi 2020 ilishuka takriban asilimia 40, maana yake 20,000 zako zingebaki kama 12,000 kabla hujasahihisha madaftari ya siku moja. Hisa ya Nairobi, kwa kawaida, hairuhusiwi kusogea zaidi ya asilimia 10 kwa siku, yaani shilingi 2,000 katika hizo zako. Yaweza kushuka tena kesho, naam, lakini umepata usiku mzima wa kutafakari.

Swali: Basi hisa hazina dhara?

Jibu: Zinalo. Ikiwa ada na tozo ni asilimia 2 unaponunua na kiasi hicho unapouza, hisa haina budi kupanda takriban asilimia 4 ndipo urejeshe chako, hivyo kuingia na kutoka kila wiki ni kumfanyia kazi dalali. Fauka ya hayo, zipo hisa zisizo na wanunuzi: tazama kwa wiki mbili ni ngapi ziuzwazo kila siku, na ukiona siku zapita pasipo hata moja, iache, hata ikiwa rahisi namna gani. Ukishafungua akaunti ya CDS, nunua kwa 10,000 kwanza, na nusu ya pili ikae benki mpaka uone hisa zako zimeandikwa kwa jina lako katika taarifa ya akaunti hiyo.