SOMO LA UCHUMI: Kwa nini fedha ya nchi huanguka ghafla?



Mwezi Oktoba mwaka 2022 wafugaji wa kuku nchini Misri walifanya jambo la kuhuzunisha. Waliua vifaranga vyao wenyewe, maelfu kwa maelfu. Vifaranga wale hawakuwa na ugonjwa wo wote. Kilichokosekana ni chakula cha kuku. Mahindi na soya vilikuwa vimekwisha kufika bandarini kwa meli, lakini dola za kuwalipa wauzaji wa nje hazikupatikana benki. Mizigo ikakwama bandarini, na vifaranga wakafa.

Sasa je, dola zilikwenda wapi? Mwaka mmoja tu kabla ya hapo Misri ilikuwa na dola nyingi, na bei ya dola moja ilikuwa paundi za Misri 15.70 hivi. Bei hiyo haikusogea kwa zaidi ya mwaka mzima. Katika somo la leo tutafuata njia ya dola hizo, tuone ziliingiaje na zilitokaje.

Biashara ya tofauti ya riba

Serikali ikipungukiwa na fedha huuza hati za hazina. Hati ya hazina ni ahadi ya maandishi: "Nikopeshe leo, nami nitakulipa pamoja na riba baada ya miezi 3, au 6, au 12." Mwaka 2021 serikali ya Misri ilikuwa inalipa riba ya kiasi cha asilimia 13 kwa hati za mwaka mmoja. Wakati huo huo Marekani riba ilikuwa karibu na sifuri, maana Benki Kuu yao iliishusha mwaka 2020 kwa sababu ya ugonjwa wa korona.

Mwenye akili ya biashara akiona hivyo hafikiri mara mbili. Anakopa mahali penye riba ndogo, anakopesha mahali penye riba kubwa, na tofauti inabaki mfukoni mwake. Hii ndiyo biashara ya tofauti ya riba. Hajengi kiwanda wala halimi shamba. Hata Misri kwenyewe si lazima afike. Anafanya yote kwa simu na kompyuta.

Hebu tufanye hesabu pamoja. Kodi na ada tuziache, ili hesabu iwe nyepesi.

Mtu anakopa dola 1,000,000 kwa riba ya asilimia 1 kwa mwaka. Mwisho wa mwaka atadaiwa dola 1,010,000. Anazibadili kwa bei ya 15.70, anapata paundi 15,700,000. Ananunua hati za hazina za mwaka mmoja kwa riba ya asilimia 13. Mwaka ukiisha serikali inamlipa paundi 17,741,000.

Kama bei ya dola bado ni 15.70, atapata dola 1,130,000. Akilipa deni lake anabakiwa na dola 120,000. Faida nono, wala hakutoka jasho.

Lakini tuseme siku ya kubadilisha anakuta dola ni paundi 18.30. Paundi zake ni zile zile 17,741,000, ila sasa zinampa dola 969,000 tu na kidogo. Deni ni 1,010,000. Amepata hasara ya dola 40,000 na ushei. Serikali ya Misri imemlipa riba yote iliyoahidi, na bado amepata hasara.

Basi tutafute mpaka uko wapi. Gawanya 17,741,000 kwa 1,010,000. Jibu ni paundi 17.57 hivi. Dola ikiwa chini ya bei hiyo, mgeni huyu anapata faida. Ikipita hapo, anapata hasara. Ndiyo maana macho yake hayako kwenye riba peke yake. Kila asubuhi anaangalia bei ya dola.

Mlango ni mmoja

Wageni wa namna hii walipoingia Misri waliuza dola na kununua paundi. Benki zikajaa dola, na paundi ikaonekana ina nguvu. Kumbe sehemu ya nguvu hiyo ilitokana na dola za wageni wenyewe! Bei ilipokaa mahali pamoja, wageni wengine wakasema hakuna hatari, nao wakaja. Watu wa Misri wana jina la fedha hizi: wanaziita fedha za moto, maana hazikai mkononi.

Mwezi Februari mwaka 2022 Urusi iliingia Ukraine kwa vita. Misri hununua ngano nyingi sana kutoka nchi hizo mbili, na watalii wengi walikuwa wanatoka huko huko. Mara bei ya ngano ikapanda na watalii wakapungua. Tarehe 16 Machi Benki Kuu ya Marekani nayo ikaanza kupandisha riba. Mgeni akapiga hesabu upya: kwao riba inapanda, na huku Misri itahitaji dola nyingi zaidi za kununulia ngano. Je, bei ya 15.70 itashika?

Hapa ndipo tunapoona kwa nini fedha huanguka ghafla badala ya kushuka pole pole. Fikiri basi lililojaa abiria, lina mlango mmoja, na mtu mmoja amesema ananusa moshi. Hakuna anayesubiri kuuona moto. Atakayetoka wa kwanza atashuka salama, na wa mwisho ataumia. Ndivyo ilivyo kwa mwenye hati za hazina. Anayebadilisha paundi zake wa kwanza anapata dola kwa 15.70. Anayechelewa anakuta bei imeruka. Kwa hiyo hata yule anayeiamini Misri analazimika kukimbia, kwa kuwa anajua wenzake watakimbia. Hofu yenyewe ndiyo inayoleta jambo linaloogopwa.

Katika miezi ile ya mwanzo wa 2022 fedha za moto zilizotoka Misri zilifikia kiasi cha dola bilioni 20. Benki Kuu ya Misri ilitoa dola kutoka akiba yake, na akiba hiyo ikashuka kutoka bilioni 41 hivi mwisho wa Februari hadi bilioni 37 hivi mwisho wa Machi. Benki za biashara nazo zilipungukiwa na dola. Tarehe 21 Machi Benki Kuu ikaiachia paundi, na katika siku chache dola ikapita paundi 18. Angalia tena mpaka wetu wa 17.57. Umekwisha kuvukwa.

Wenye nyumba nao wanakimbia

Mzee mmoja katika kikundi anaweza kuuliza: "Mwalimu, wageni wakisha kuondoka, si ndiyo mwisho wa mambo?" Hapana, mzee. Wageni wanaanza, wenyeji wanafuata.

Mfanyabiashara wa Kairo akiona paundi imeanguka mara moja, anaogopa itaanguka tena. Anaficha dola zake. Mtu mwenye akiba ananunua dhahabu, au gari, ili asibaki na paundi. Mmisri anayefanya kazi nchi za Ghuba hapeleki tena dola zake nyumbani kwa njia ya benki, bali anazibadilisha kwa watu wa magendo, ambako bei ni nzuri zaidi. Huko ndiko kukimbia kwa mitaji. Tofauti yake na biashara ya wageni ni hii: mgeni alikuja kutafuta riba akaondoka nayo, lakini mwenyeji anaikimbia fedha ya nchi yake mwenyewe. Hakuna polisi anayeweza kuwakamata wote, maana kila mmoja anaokoa kidogo alicho nacho.

Paundi ikaendelea kuteremka. Mwezi Januari mwaka 2023 dola ilifika paundi 30 hivi. Tangu Machi 2023 bei ya serikali ikashikiliwa karibu na 31 kwa mwaka mzima, lakini mwishoni mwa Januari 2024 bei ya magendo ilifika kiasi cha 70. Tarehe 6 Machi 2024 serikali ikaiachia tena, na dola ikafika karibu 50. Aliyekuwa na akiba ya paundi 15,700 mwaka 2021 alikuwa na thamani ya dola 1,000. Sasa paundi zile zile zilikuwa dola 314 tu.

Mwezi Septemba 2023 bei za vitu mijini zilikuwa zimepanda kwa asilimia 38 katika mwaka mmoja. Mkulima, mwalimu na mfugaji wa vifaranga hawakununua hati hata moja ya hazina, lakini waliolipa ni wao.

Je, dalili zinaonekana mapema?

Tusiwatwishe wageni lawama yote. Misri ilikuwa inanunua nje kuliko inavyouza, na pengo hilo lilizibwa kwa mikopo. Fedha za moto zilifunika kidonda, hazikukitibu. Waziri wa Fedha wa wakati ule, Mohamed Maait, alisema wazi mwaka 2022 kwamba somo walilojifunza ni kutozitegemea fedha za namna hiyo. Zilikuwa zimekwisha kuikimbia Misri mwaka 2018 na tena mwaka 2020. Hata hivyo Machi 2024 Benki Kuu ilipandisha riba kwa asilimia 6 kwa siku moja, na wageni wakarudi.

Dalili ziko tatu. Ya kwanza, uliza dola za nchi zimetoka wapi. Dola za kuuza pamba au kupokea watalii ni mali ya nchi. Dola za hati za miezi 6 zina mwenyewe, na atazidai. Ya pili, angalia bei ya dola isiyosogea hata kidogo wakati bei za vitu sokoni zinapanda kila mwezi. Hapo kuna mtu anaishikilia, na mkono utachoka. Ya tatu, ukiona bei mbili, moja ya benki na nyingine ya mtaani, na pengo linapanuka, jua wenyeji wamekwisha kuanza kukimbia.

Misri si ya kwanza. Huko Thailand dola ilikuwa bahti 25 kwa miaka mingi, na makampuni yalikopa dola nje kwa riba ndogo. Tarehe 2 Julai 1997 serikali ilishindwa kuishikilia bei hiyo, na kufika Januari 1998 dola ilikuwa imepita bahti 50.

Wahenga walisema, mgeni njoo, mwenyeji apone. Lakini mgeni wa riba hafungui mzigo wake. Viatu vyake viko mlangoni, na vimeelekea nje.

Maswali ya kujadili katika kikundi

1. Rudia hesabu yetu, lakini weka riba ya Misri asilimia 20 badala ya 13. Mpaka wa faida na hasara unahamia bei gani ya dola?
2. Kwa nini mtu anayeiamini nchi bado anaweza kukimbia pamoja na wenzake?
3. Kuna tofauti gani kati ya mgeni aliyejenga kiwanda na mgeni aliyenunua hati za hazina, siku ya hofu ikifika?