Kuweka Sauti Safi Juu ya Picha ya Kamera

Vikundi vingi siku hizi hurekodi mafunzo ya shamba kwa simu, na picha hutoka vizuri. Shida iko kwa sauti. Kamera ikiwa hatua tano kutoka kwa mwalimu, inashika upepo na kuku kuliko maneno yake. Mtazamaji asiposikia kama ni debe moja au mawili ya samadi, basi somo limepotea.

Dawa ni simu ya pili. Iweke kwenye "Airplane mode" isije ikaita katikati, uanze kurekodi sauti, na mwalimu aitie kwenye mfuko wa shati kichwa kikiwa chini, kwa sababu sehemu ya kuingizia sauti iko upande wa chini wa simu nyingi. Kamera nayo ikishaanza, mwalimu asimame mbele yake apige makofi mara moja tu, mikono ikionekana. Apige tena mwishoni kabla ya kuzima.

Kwenye kompyuta, sauti zote mbili huonekana kama mchoro wa vilima, na lile kofi husimama kama mwiba. Msifute sauti ya kamera bado, maana ndiyo rula yenu. Tuseme kofi liko sekunde ya 14 kwa kamera na sekunde ya 41 kwa simu ya mfukoni. Basi simu ilitangulia kwa sekunde 27. Kata hizo mwanzoni. Halafu kuza mchoro, usogeze kidogo kidogo mpaka miiba miwili ikae pamoja.

Sasa cheza zote mbili. Mkisikia mwangwi, bado. Zikilingana, zimeni ya kamera na mtazame midomo kwenye neno kama "pima" au "mbolea": midomo ifunge pale p au mb inaposikika. Sauti ikitangulia midomo, watu huona haraka kuliko ikichelewa.

Kamera ikiwa mbali, kama mita 14, sauti huchelewa kuifikia kwa kiasi cha picha moja, yaani sehemu moja ya 25 ya sekunde. Hapo fuateni mikono inapogusana, si mwiba wa kamera.

Kofi la mwisho ni la nini? Saa za mashine mbili haziendi sawa kabisa. Mwanzo hulingana, na baada ya nusu saa unakuta sauti imechelewa, tuseme kwa picha mbili. Msivute sauti yote nyuma, mtaharibu mwanzo. Tafuteni mahali mwalimu amenyamaza karibu na dakika ya 8, mpunguze kimya hicho kwa picha moja, na tena karibu na dakika ya 22. Rekodi ya dakika tano haihitaji kazi hiyo, kwa hivyo sisi tunapendelea kurekodi vipande vifupi, kila kimoja na kofi lake.