Dondoo muhimu: Rangi ya maganda ya vitunguu

Maganda makavu ya vitunguu maji hutoa rangi kuanzia manjano hadi kahawia ya dhahabu, lakini kinachoamua zaidi ni aina ya nyuzi. Kwa gramu 100 za kitambaa kilichofuliwa vizuri, maganda ya uzito huohuo huchemshwa kwa saa moja na kuchujwa. Kitambaa hutangulia kulowekwa usiku kucha katika maji ya uvuguvugu yenye gramu 15 za shabu, inayoishikiza rangi kwenye nyuzi. Bila shabu, rangi hupauka upesi.

Katika sufuria hiyohiyo moja, hariri na sufu hutoka rangi ya chungwa iliyokolea, kwa kuwa nyuzi za protini hunywa rangi kwa urahisi. Pamba hubaki manjano hafifu, na poliesta haishiki karibu chochote, hivyo kitambaa cha mchanganyiko hutoka kimefifia. Msumari wenye kutu ukiingia majini, manjano huelekea kijani cha zeituni.

Kipimo cha kuaminika ni kipande cha kitambaa chenyewe, kilichotiwa rangi, kikasuuzwa na kukaushwa kivulini: kikiwa kimelowa, huonekana kimekolea kuliko kitakavyokuwa.