Jua Haki Zako: Nyongeza ya 130,000, mbona benki imeingia pungufu?

Tarehe 1 Mei 2025, sherehe za kitaifa za Mei Mosi zilifanyika Singida, katika uwanja wa Bombadia. Hapo ndipo Rais Samia Suluhu Hassan alipotangaza kuwa kima cha chini cha mshahara wa mtumishi wa umma kitapanda kwa asilimia 35.1, kutoka shilingi 370,000 hadi 500,000, kuanzia Julai mwaka huo. Ongezeko hilo ni shilingi 130,000 kwa mwezi. Lakini kwa mtumishi wa kima hicho, tuseme mhudumu wa zahanati katika kata ya Ulemo wilayani Iramba, kilichoongezeka kwenye akaunti ni kama shilingi 109,700 tu. Kuna aliyedhani ameibiwa, na kuna aliyedhani halmashauri imekosea. Jibu limo kwenye slipu yake ya mshahara, akijua kuisoma kwa mpangilio wake.

Slipu ina sehemu tatu. Juu kuna mshahara ghafi, yaani kiasi mlichokubaliana kabla hakijaguswa. Katikati kuna makato. Chini kuna kinachobaki, ndicho kinachoingia benki. Barua ya ajira na matangazo ya serikali hutaja kiasi cha juu, ilhali nyumbani mnaishi kwa kiasi cha chini. Basi tushuke pamoja mstari kwa mstari, kwa mshahara wa 500,000.

Kwanza, pensheni

Mtumishi wa umma huchangia Mfuko wa Hifadhi ya Jamii kwa Watumishi wa Umma, PSSSF, ulioundwa kwa sheria ya mwaka 2018. Anakatwa asilimia 5, ambayo hapa ni shilingi 25,000. Mwajiri naye anaongeza asilimia 15, yaani shilingi 75,000, kutoka mfukoni mwake, juu ya mshahara wako. Kwa hiyo kila mwezi mfuko unapaswa kupokea shilingi 100,000 kwa jina lako, ingawa wewe umekatwa robo yake tu.

Pili, kodi

Hapa ndipo wengi wanapopotea. Kodi ya mshahara, inayosomeka PAYE kwenye slipu, haikokotolewi kwenye mshahara ghafi. Hukokotolewa kwenye kiasi kinachobaki baada ya kutoa mchango wa pensheni, ambacho hapa ni 475,000. Shilingi 270,000 za mwanzo hazitozwi kodi. Zinazozidi hapo hadi kufikia 520,000 hutozwa asilimia 8. Kwa mhudumu wetu zinazozidi ni 205,000, na asilimia 8 yake ni shilingi 16,400.

Kipimo hiki kinakusaidia kugundua kosa. Ukikuta kodi imeandikwa 18,400, ujue aliyepiga hesabu amesahau kutoa pensheni kwanza, na umekatwa shilingi 2,000 zaidi kwa mwezi. Kwa mwaka ni 24,000.

Tatu, bima ya afya

Mchango wa NHIF ni asilimia 6 ya mshahara, nusu yako na nusu ya mwajiri. Nusu yako ni shilingi 15,000. Mchango huu haupunguzi kiasi kinachotozwa kodi, tofauti na pensheni. Unagharimia matibabu yako, ya mwenzi wako na ya wategemezi hadi wanne, na kila mmoja ni lazima awe amesajiliwa. Kama unakatwa kila mwezi na mtoto hajaandikishwa, makato ni halali, lakini mtoto hatatibiwa kwa bima hiyo. Peleka nyaraka zake mapema, usisubiri augue.

Sasa jumlisha. 25,000 na 16,400 na 15,000 ni 56,400. Kinachobaki ni shilingi 443,600. Kwa mshahara wa zamani wa 370,000, makato hayo matatu yalikuwa 36,120 na yakabaki 333,880. Tofauti ya kinachobaki ni shilingi 109,720. Hakuna kilichopotea njiani: makato yanakwenda kwa asilimia, kwa hiyo mshahara ukipanda nayo yanapanda. Kodi ndiyo iliyopanda kwa kasi zaidi, kutoka 6,520 hadi 16,400, kwa sababu nyongeza nzima, ukishatoa pensheni, imeangukia kwenye sehemu inayotozwa.

Usilinganishe na jirani aliyeajiriwa na kampuni binafsi. Yeye huchangia NSSF, ambako kwa kawaida mfanyakazi hukatwa asilimia 10 na mwajiri huweka asilimia 10. Kwa mshahara uleule wa 500,000 atakatwa 50,000 ya pensheni, na kodi yake itashuka hadi 14,400.

Makato mengine yametoka wapi?

Chini ya mistari hiyo mitatu unaweza kukuta ada ya chama cha wafanyakazi, rejesho la mkopo wa benki au la mkopo wa elimu ya juu. Kwa kila mstari jiulize swali moja: nani ameruhusu? Kifungu cha 28 cha Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 kinamzuia mwajiri kukata mshahara isipokuwa pale sheria, mkataba wa pamoja, amri ya mahakama au tuzo inaporuhusu, au pale wewe mwenyewe ulipokubali deni kwa maandishi. Ada ya chama hukatwa kwa idhini yako iliyojazwa kwenye fomu, na unaweza kuiondoa kwa notisi ya maandishi ya mwezi mmoja kwa mwajiri na kwa chama. Kwa mtumishi wa umma, mikopo na makato yote hayapaswi kumwacha na chini ya theluthi moja ya mshahara wake. Kwa mshahara wa 500,000, theluthi hiyo ni takriban shilingi 166,700.

Slipu yenyewe ni haki yako. Kifungu cha 27 cha sheria hiyohiyo kinataka kila malipo ya mshahara yaambatane na maelezo ya maandishi. Mwajiri anayekupa fedha mkononi bila karatasi anakunyima njia ya kuhakiki.

Tena, slipu inathibitisha kwamba umekatwa. Haithibitishi kwamba fedha zimefika kwenye mfuko. Tatizo hili huwakuta zaidi walioajiriwa na watu binafsi: mwajiri anakata NSSF, kisha hapeleki. Angalau mara mbili kwa mwaka omba taarifa ya michango kutoka kwenye mfuko wako na uilinganishe na slipu, mwezi kwa mwezi. Mwanachama wa PSSSF anaweza kuiona kwa simu kupitia PSSSF Kiganjani. Mwezi mmoja uliorukwa una uzito, kwa sababu pensheni ya kila mwezi uzeeni hudai angalau miezi 180 ya michango.

Ukikuta kosa, andika barua kwa mwajiri, taja mwezi na mstari wenye kasoro, ambatisha nakala ya slipu na ubaki na nakala iliyogongwa muhuri wa kupokelewa. Mtumishi wa umma wa Ulemo aanzie kwa afisa utumishi wa halmashauri, Kiomboi, na afuate ngazi za utumishi wa umma kabla ya kwenda kwingine. Mfanyakazi wa sekta binafsi ana siku 60 tangu mgogoro uanze kuufikisha kwenye Tume ya Usuluhishi na Uamuzi. Michango isiyopelekwa iripotiwe pia kwenye mfuko wenyewe, maana una mamlaka ya kumdai mwajiri.